Panya Chini ya Sakafu

Ndugu msomaji, chukua mchi au fimbo nzito. Gonga sakafu yako ya saruji karibu na ukuta, kisha gonga katikati ya chumba. Je, sauti ni moja? Kama mahali pengine panalia kama ngoma, chini yake kuna uwazi. Mimi nilichelewa kugonga.

Mwaka 2021 nilimjengea mama yangu nyumba ya vyumba viwili katika kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Tanga. Fedha zilikuwa chache. Fundi aliniambia tujaze mawe chini ya sakafu na kushindilia udongo vizuri. Nikamwambia aache mawe, amwage zege juu ya udongo. Tena nikamwomba apunguze unene wa zege, lisizidi vidole vitatu. Mimi ndiye ninayefundisha watu wazima hesabu, lakini hesabu hiyo niliikosea mwenyewe.

Baada ya masika mawili ule udongo ulishuka. Sakafu ilibaki juu kama kifuniko cha sanduku. Panya wakaona nafasi. Hawa si wale panya wembamba wenye mikia mirefu wanaokimbia juu ya dari. Hawa ni wanene, wenye pua butu na mkia mfupi kuliko mwili. Hupenda kuchimba chini, kando ya ukuta. Walichimba nyuma ya jiko, wakapita chini ya msingi, wakafika kwenye ule uwazi. Kila usiku walitoa udongo nje. Mama alikuwa anaufagia asubuhi akidhani ni kazi ya kuku.

Siku moja mama alipita na sufuria ya uji wa moto. Sakafu ikakatika chini ya mguu wake. Uji ulimwagika ukutani, na mguu uliingia shimoni mpaka chini ya goti. Ashukuriwe Mungu, hakuungua wala hakuvunjika.

Niliona matundu matatu nje, kila moja likiwa na upana wa kuingiza ngumi. Jumamosi mchana nikakoroga saruji na mchanga, nikayaziba yote matatu, nikaweka mbao juu ya ile sakafu iliyokatika. Usiku ule ule panya walichimba tundu jipya, na safari hii lilitokea ndani, kando ya magunia ya mahindi. Tundu moja la nje nalo lilikuwa wazi, kwa sababu saruji yangu ilikuwa bado mbichi na waliisukuma.

Nilimwita yule fundi mzee. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Mwalimu, umefunga mlango na wageni wamo ndani."

Basi tulianza upya. Kwanza tulitafuta matundu yote, kwa maana panya huwa na milango ya siri. Huiziba kwa udongo kidogo au majani ili wapate kutoroka. Jioni tulisokota nyasi kavu na kuziweka katika kila tundu bila kukaza. Asubuhi nyasi zilikuwa zimetolewa katika matundu manne. Hayo ndiyo yaliyokuwa na panya. Matundu mawili yalibaki na nyasi zake, na ndani mlikuwa na utando wa buibui.

Pili, tulitega. Sumu hatukutumia. Panya akila sumu hufia chini ya sakafu, na harufu yake hukaa siku nyingi. Tena mama ana kuku. Tulinunua mitego mitano ya chuma, tukaiweka kando ya ukuta, chambo kikielekea ukutani. Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Kwa hiyo siku tatu za kwanza tuliweka dagaa tu bila kufyatusha mitego. Walipozoea kula, tukaitega. Kwa siku kumi na moja tulipata panya tisa. Tuliwatoa kwa mfuko mkononi, tukawafukia, tukanawa kwa sabuni. Wazee wa mkoa wetu wanakumbuka tauni iliyoanza Lushoto mwaka 1980. Viroboto humwacha panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine. Palipo na tauni, waone kwanza watu wa afya ili viroboto wauawe kabla ya panya.

Nyasi zilipokaa usiku tatu bila kuguswa, ndipo tulipoleta saruji.

Ndani tulibomoa sehemu yote iliyolia ngoma. Ilikuwa meta moja na nusu kwa meta moja. Tulijaza udongo kidogo kidogo na kuushindilia kila mara, kisha mawe, kisha wavu wa waya, kisha zege la unene wa sentimeta 10. Tulipima ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha. Jioni tulifunika zege kwa bati na mawe juu yake, ili lisichimbwe kabla ya kukauka. Mama alilimwagilia maji siku saba.

Wavu huo uchague vizuri. Ule wa banda la kuku haufai. Matundu yake ni makubwa na waya wake ni mwembamba, panya huukata. Mimi nilienda dukani na penseli. Penseli ikipita katika tundu, wavu huo uache. Chagua wenye waya mgumu uliopakwa madini ya kuzuia kutu.

Kazi kubwa ilikuwa nje. Panya hushuka akifuata ukuta. Akikuta wavu umelala mbele yake, hujaribu papo hapo kandokando ya ukuta. Kwa kawaida hana akili ya kurudi nyuma aanzie mbali. Kwa hiyo wavu hukunjwa kama mguu na unyayo wake. Wavu wetu ulikuwa na upana wa sentimeta 90. Sentimeta 10 tulizipigilia ukutani juu ya ardhi na kuzifunika kwa lipu. Sentimeta 45 zilishuka mpaka chini ya msingi. Sentimeta 35 zililala zikielekea nje, mbali na nyumba. Kisha tukarudisha udongo na kuushindilia.

Hapa sikiliza sana. Mtaro usizidi kina cha msingi wako. Ukichimba chini kuliko msingi, ukuta unaweza kushuka, na hasara yake hupita ya panya. Fundi alitukataza hata kufungua mtaro wote kwa siku moja. Tulichimba meta moja, tukaweka wavu, tukafukia, ndipo tukachimba meta nyingine. Kila kipande cha wavu kilipanda juu ya mwenzake kwa upana wa kiganja na kufungwa kwa waya.

Matundu ya zamani yaliyobaki tuliyajaza wavu uliokunjwakunjwa, tukashindilia zege juu yake. Zege peke yake huweza kusukumwa likiwa bichi, lakini likishikana na wavu halitoki.

Fedha zilitosha ukuta wa nyuma na ule wa upande wa jiko, jumla meta kumi. Pande mbili zilibaki. Mwezi wa tatu baadaye mama alinionyesha udongo mpya kwenye kona ya mbele, pale wavu unapoishia. Tulitega panya wawili, tukaongeza meta nne. Upande mmoja bado, ninaukusanyia fedha. Kila Jumamosi mama anaweka nyasi pale, kisha anaingia ndani na mchi wake kugonga sakafu.