Kaboni Mpya, Moto Ule Ule

Nikiwa fundi wa vifaa vya umeme Riruta Satellite, drili nyingi zilizonifikia zilikuwa na ugonjwa mmoja: nguvu zimeisha na cheche zinaruka kwa nyuma. Wenyewe walikuwa mafundi wa mageti kutoka Kawangware, au wajenzi wanaotoboa zege kutwa, na wengi walijua dawa moja tu, kaboni.

Mara nyingi hawakukosea. Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi vigusane na komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba inayozunguka na kupeleka umeme kwenye koili. Zikiisha hadi milimita tano hivi, springi hukosa msukumo. Kaboni huanza kurukaruka juu ya shaba, umeme unakatika na kurudi, na kila ukikatika cheche inatoka. Nguvu nazo zinapungua.

Siku moja fundi mmoja wa mageti aliweka drili yake mezani.

“Fundi, kaboni nimebadilisha juzi tu. Mbona bado inatoa moto?”

Niliifungua. Kaboni zilikuwa ndefu, lakini nyuso zake zimemeguka pembeni. Komyuteta ilikuwa na mfereji pale kaboni zinapopita, na ulanga, kihami kilichoko kati ya shaba na shaba, ulikuwa umechomoza. Shaba ililika, ulanga mgumu ukabaki juu, ukawa unazigonga kaboni kila mzunguko.

Kabla ya kumtajia bei nilichukua mita. Nilipima kipande kwa kipande kinachofuata, pete nzima, na namba zikawa karibu sawa. Kutoka shaba hadi shafti hapakusoma kitu. Koili zilikuwa nzima, kwa hiyo palikuwa na cha kuokoa.

Amecha nilimpelekea jirani mwenye mashine ya kukereza, akaondoa shaba kidogo mpaka mfereji ukapotea. Kisha kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokinoa kikawa chembamba, niliuchimba ulanga ushuke chini ya shaba, chini ya milimita moja. Nilisugua kwa msasa laini wa karatasi. Ule wa emeri siutumii hapo, maana punje zake zinaweza kupitisha umeme zikinasa kati ya shaba. Nilipiga mswaki mifereji yote, nikaweka kaboni za kipimo chake, nikaiacha drili izunguke bila mzigo hadi nyuso za kaboni zishike umbo la pete.

“Sasa naona cheche kidogo bado,” akasema.

“Hizo za bluu, fupi, chini ya kaboni, ni za kawaida. Ukiona moto umezunguka pete nzima, zima. Hapo koili imeshikana au imekatika, na kaboni haitakusaidia. Utahitaji amecha nyingine, na kwa drili ya bei nafuu, gharama yake inakaribia ya drili mpya.”