Hivi Viatu Havinunuliwi vya Kukulia

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya, unajua sera ya viatu: saizi moja juu, pamba kwenye ncha, na ahadi kwamba utakua navyo. Kwetu sera hiyo ilihudumia watoto wanne bila malalamiko. Kwa hivyo binamu yetu anayeishi Uingereza alipomletea mdogo wangu viatu vya pointi, vile vya satini vya kusimamia ncha za vidole kwenye baleti, alifanya kama alivyolelewa. Aliuliza saizi ya viatu vyake vya shule, akaongeza nusu. Mathe akafurahi. Mtoto akafurahi zaidi, maana alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili na mwenzake wa darasa alikuwa ameshaanza.

Mwalimu wake akaviangalia, akavirudisha kwenye boksi, akasema, “Kwanza tuone miguu.”

Mathe alidhani ni suala la umri. Si umri peke yake. Mwongozo mmoja uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la tiba ya dansi unashauri mtoto asianze kabla ya miaka 12, na kwa anayehudhuria madarasa mawili kwa wiki, aanze katika mwaka wake wa nne wa mafunzo. Anayekuja mara moja tu kwa wiki, wanasema afadhali aachane nayo. Mdogo wangu alikuwa na miaka yote hiyo. Lakini miaka inakupa tu ruhusa ya kupimwa.

Kipimo cha kwanza kilihitaji penseli. Alikaa chini, miguu imenyooka mbele, akaelekeza vidole mbali kadiri alivyoweza. Mwalimu akalaza penseli juu ya kifundo, kutoka kwenye muundi kuelekea mgongo wa mguu. Penseli ikilala sawa, kifundo kinanyooka vya kutosha. Mgongo wa mguu ukiisukuma juu, hakinyooki, na mtoto akipanda kwenye vidole uzito utabaki nyuma ya ncha. Atakunja magoti kujisaidia, na kano ya kisigino italipa deni. Penseli yake ililala vizuri. Mathe akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu akaambiwa asimame kwa mguu mmoja, goti limenyooka, apande na kushuka polepole. Mwalimu alitaka ishirini bila kuyumba. Kufikia ya kumi na moja, kifundo kilianza kuangukia nje. Akaambiwa afanye “ndege”: mguu mmoja chini, mwingine nyuma, kiwiliwili kimeinama mbele, mikono imetanuliwa. Akunje goti mara tano hadi vidole vya mikono viguse sakafu, na angalau mara nne goti libaki juu ya mguu, lisiingie ndani. Alipata mbili.

“Miguu inanyooka, lakini bado haijui kujishikilia,” mwalimu alisema. Akatueleza kitu ambacho sikukitarajia: watoto wenye miguu laini inayokunjika kama upinde, wale ambao kila mtu husema wamezaliwa kwa baleti, mara nyingi ndio hucheleweshwa zaidi. Kiatu hakimshikilii mtu. Misuli ndiyo hushikilia, na kifundo kinachokunjika sana kinahitaji misuli zaidi.

Hiyo ilikuwa Machi. Kazi ya nyumbani haikuwa na urembo wowote: kupanda na kushuka akipiga mswaki, na kukaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, akiinua upinde wa mguu bila kukunja vidole. Ukijaribu hiyo ya pili sasa hivi utaona vidole vyako vinataka kukwaruza sakafu. Hapo ndipo utajua misuli midogo ya wayo imelala. Alilia mara moja, siku ambayo yule mwenzake alichapisha picha ya viatu vyake. Agosti akapimwa tena. Ishirini na mbili mguu wa kulia, ishirini na moja wa kushoto. Ndege, tano kwa tano.

Ndipo vile viatu vya binamu vikatolewa.

Kiatu cha pointi si mbao, wala hakina chuma ndani. Ncha yake, wanayoiita boksi, ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Chini ya wayo kuna kipande kigumu cha ngozi au kadi, shanki, kinachoegemeza upinde wa mguu. Kazi ya boksi ni kubana mguu kutoka pande zote ili uzito ugawanyike, usitue wote kwenye vidole.

Mdogo wangu alivaa vitambaa vya kukinga vidole, maana navyo hubadilisha upana, akashika fito ya ukutani. Miguu ikiwa chini, vilionekana fiti kabisa. Alipopanda, mguu ukazama ndani kama ndoo kisimani. Mwalimu akapitisha kidole chake chote kati ya mguu na ukingo wa boksi. Kisiginoni satini ilijikunja mkunjo mnene. “Unasikia wapi?” Akajibu kwa sauti ndogo, “Kidole gumba.” Uzito wote ulikuwa hapo. Pamba ya shule isingesaidia, kwa sababu inajaza mbele, na tatizo liko ubavuni.

Mwalimu ana kreti ya viatu alivyokusanya miaka mingi. Akaangalia miguu mitupu kwanza: vidole viwili vya kwanza vina urefu sawa, mbele ni pana, kisigino chembamba, na mguu wa kulia umezidi kidogo, kwa hivyo huo ndio wa kufuata. Pea ya kwanza ilikuwa nyembamba, vidole vya kati vikapandana. Ya pili ilikuwa na upana sawa, lakini sehemu inayofunika vidole iliishia chini ya kiungo cha kidole gumba. Akipanda angepinduka mbele. Ya tatu akanyamaza nayo.

Chini, vidole vilinyooka na kugusa mwisho bila kujikunja. Alipokunja magoti, ambapo mguu hurefuka zaidi, vikasikia ukuta lakini havikuumia. Juu ya kidole, mwalimu alibana satini ya kisigino na kupata mkunjo mdogo, kama nusu sentimita. Shanki ilikumbatia upinde bila kujipinda upande. Kidole cha mwalimu hakikupita ubavuni.

“Na akikua?” Mathe akauliza.

“Akikua tunabadilisha, hata satini ikiwa mpya.”

Lastiki na utepe vilishonwa baada ya hapo, maana kiatu kilichoshonwa hakirudishwi. Sasa anavivaa dakika kumi mwisho wa darasa, mikono yote miwili kwenye fito. Nyumbani vinaning’inia mahali penye hewa, havifungiwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu jasho hulainisha gundi. Kila Jumapili anabonyeza boksi kwa kidole gumba. Siku itakayobonyea kama mkate, au shanki ikikunjwa ikose kurudi, kiatu kimekufa.

Pea ya binamu ilibaki kwenye kreti. Wiki iliyopita msichana mwingine, mwenye mguu mpana kuliko wa mdogo wangu, alipanda nayo, na kidole cha mwalimu hakikupata pa kupita.