Tangi la Shangazi

Mwaka 2022 nilimpelekea shangazi tangi la maji la lita 2,000, kutoka Bariadi mjini hadi Dutwa. Nilimwambia tu, "Litafika kesho." Kesho yake alikwenda kuchuma pamba. Dereva hakumkuta mtu. Alilishusha uani akaondoka. Tangi tupu ni jepesi. Upepo ulilibingirisha hadi kwenye mawe, likapasuka.

Nilinunua la pili. Safari hii niliandika kwa simu: "Shikamoo shangazi. Tangi litafika Jumanne, kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana. Nani atakuwepo kulipokea? Nijibu leo."

Alijibu jioni: "Marahaba. Kaka yako atakuwepo."

Ndipo nikamwambia dereva apakie. Bila jibu, mzigo mkubwa usiondoke.