Mkebe wa Guka

Nilipofungua ule mkebe wa biskuti, harufu ya vinega ilinipiga puani kama niliyeinama juu ya sahani ya chipo. Shosho akacheka.

"Guka wako hakuwahi kupika hata chai. Vinega imetoka wapi?"

Ilitoka kwenye filamu yenyewe.

Miaka ya sabini, Guka alizunguka na gari la sinema la serikali, akionyesha filamu za milimita 16 viwanjani. Siku moja wapiga picha walikuja Molo kurekodi wachumaji wa pareto, na baadaye wakampa kipande cha kopi, futi 100 tu, hata dakika 3 hazifiki. Ndani yake yumo Shosho, msichana wa miaka 22, kikapu mgongoni. Picha zake zingine za ujana ziliungua pamoja na nyumba kwenye vurugu za 1992. Guka alitoroka na mkebe.

Sasa Shosho alitaka kitu kimoja: nitoe projekta stoo, nitundike shuka ukutani, ajione kama zamani.

Karibu nikubali. Lakini mkanda ulikuwa umejikunja kingo, na uliponyooshwa haukulala. Ukingoni kulikuwa na neno la Kiingereza la "usalama." Viwanda viliandika hivyo kwa sababu filamu za zamani zaidi, za naitreti, zilishika moto vibaya sana, na hizi za asetati hazikuwa na hatari hiyo. Kumbe usalama huo ulikuwa wa moto tu. Asetati hutengenezwa kwa nyuzi za mimea zilizounganishwa na asidi ileile iliyo ndani ya vinega. Joto na unyevu huibandua asidi hiyo pole pole. Ikishatoka, inaharakisha kubanduka kwa iliyobaki. Yaani filamu inajitengenezea sumu yake.

Ndio maana mfuniko unaobana ni adui: asidi haina pa kutokea. Na Guka aliubana kweli, akaufunga na selotepu, kisha akauweka kwenye dari ya jikoni, juu ya moto wa kuni, usishikwe na ukungu. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Kuna asubuhi unatoa moshi mdomoni. Baridi hiyo ingeusaidia mkanda kuishi. Yeye akaukimbiza kwenye joto, kwa mapenzi yote.

Fundi mmoja wa Nairobi aliniambia kwa simu nipime kabla ya kugusa projekta. "Hesabu nafasi 100 kutoka tundu hadi tundu," akasema. "Kwa kopi ya milimita 16, zinatakiwa kuwa milimita 762." Nilipima mara tatu kwenye meza ya Shosho. Zilikuwa 750. Mkanda ulikuwa umesinyaa zaidi ya asilimia 1.5, na kuanzia asilimia 1 hivi meno ya projekta hayakutani vizuri na matundu. Yangeurarua.

Nikamwambia, "Shosho, tukiiwasha leo, huenda ukaona sekunde chache, halafu basi."

Alinyamaza. "Na nikingoja?"

"Tutaona kilichobaki."

Akangoja. Fundi alitumia skana isiyo na meno. Mkanda unapita juu ya magurudumu laini na kila picha inapigwa peke yake. Picha karibu 4,000. Futi 12 za ndani kabisa hazikuokoka: tabaka lenye picha lilikuwa limebanduka na kushikana na mzunguko wa jirani. Ni kama sekunde 20. Hapo ndipo, kwa masimulizi yake mwenyewe, Guka alisimama kando ya gari lake akipunga mkono.

Hakuna dawa ya kurudisha mkanda ulivyokuwa. Unaweza tu kuuchelewesha. Sasa uko ndani ya friza, kwenye mifuko miwili iliyofungwa, na pakiti za kunyonya unyevu. Hapo kufunga kunafaa, maana kwenye baridi kali asidi inatoka kwa shida. Siku ya kuutoa, mfuko usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo mvuke utageuka maji juu yake.

Tulimwonyesha Shosho kwenye laptopu. Maua yalikuwa karibu meupe, kwa sababu sehemu nyeupe ya kopi haina rangi nyingi ya kupoteza. Lakini majani yalikuwa mekundu. Kopi za rangi za miaka ile hujengwa kwa tabaka tatu, na ile ya samawati mara nyingi hufifia kwanza, hata gizani, ikiacha dunia nzima ya waridi.

Fundi anaweza kusahihisha kwenye kompyuta, lakini hapo anakisia. Aliniuliza kama kuna mtu anayekumbuka.

Shosho alisogea karibu na skrini, akagusa kichwa cha yule msichana.

"Hiki kitambaa kilikuwa cha buluu," akasema. "Guka wako ndiye alininunulia. Andika."

Nikaandika.