Asilimia 96 Ambayo Haikuwepo

Aya yenyewe ilikuwa na sentensi nne, na kisarufi haikuwa na kasoro. Mwanafunzi wangu wa shahada ya umahiri alikuwa anaandika mapitio ya majaribio ya chanjo za VVU. Alipofika kwenye jaribio la Thailand linalojulikana kama RV144, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2009, aliandika hivi: "Jaribio lilihusisha watu 16,402. Chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31, na thamani ya p ilikuwa 0.04. Hii ina maana kwamba uwezekano wa chanjo kutofanya kazi ni asilimia 4 tu. Kwa hiyo tuna uhakika wa asilimia 96 kwamba chanjo hii inakinga."

Sentensi mbili za mwanzo ni za kweli. Ya tatu si kweli, na ya nne imeegemea ya tatu. Nimekutana na aya za namna hii katika tasnifu, katika ripoti za miradi, hata katika hotuba za watu ninaowaheshimu, na karibu kila mara mwandishi ni mtu makini aliyefanya kazi yake kwa uaminifu. Ndiyo maana siamini kwamba dawa yake ni kufuta sentensi na kuandika pembeni "si sahihi". Ukifanya hivyo, mwandishi atabadilisha maneno na kubaki na wazo lile lile. Ni lazima kwanza mrudi pamoja mpaka mahali ile 0.04 ilipozaliwa.

Tukarudi. Katika uchambuzi uliotoa namba hiyo kulikuwa na watu 8,197 waliochomwa chanjo na 8,198 waliochomwa plasebo, yaani sindano isiyo na chanjo ndani yake. Walioambukizwa katika muda wa ufuatiliaji walikuwa 125: 51 upande wa chanjo, 74 upande wa plasebo. Sasa tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba chanjo haina nguvu yoyote. Kwa kuwa makundi yanalingana, kila mmoja wa wale 125 angeweza kuwa upande huu au ule, kama sarafu inayorushwa. Ukirusha sarafu mara 125 unategemea kupata 62 au 63 kwa kila upande, lakini si kila siku itakuwa hivyo. Ni mara ngapi mgawanyo utaachana kiasi cha 51 kwa 74, au zaidi ya hapo, upande wowote ule? Takriban mara 5 katika kila 100. Watafiti walitumia hesabu inayozingatia pia muda ambao kila mshiriki alifuatiliwa, wakapata 0.04, lakini kiini ni hicho hicho, na hata hesabu ya sarafu inakupeleka karibu na hapo.

Nilimwomba aangalie neno "tuseme" liko wapi. Liko mwanzoni. Kutokuwa na nguvu kwa chanjo ni sharti tulilolikubali kabla hatujahesabu lolote, na kila kilichofuata kilihesabiwa ndani ya sharti hilo. Namba iliyotoka humo inaeleza jinsi data zilivyo za ajabu ikiwa sharti ni kweli. Haiwezi tena kugeuka na kutuambia sharti lenyewe lina uwezekano gani wa kuwa kweli.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo kila anayefikiri vizuri hulifikia: "Lakini Mwalimu, kama bahati inaleta jambo hili mara chache hivyo, si inatosha kusema kwamba bahati haikuhusika?"

Haitoshi, kwa sababu lazima ujue pia maelezo ya upande wa pili ni ya nadra kiasi gani. Tulichora mfano kwenye karatasi. Chukua chanjo 200 zinazofika hatua ya majaribio makubwa, na tuseme 20 kati yake zinakinga kweli. Majaribio yakiwa na uwezo wa kuzitambua nane katika kila kumi, 16 zitapata p iliyo chini ya 0.05. Zile 180 zisizokinga nazo zitapitia mtihani huo huo, na kwa bahati tupu asilimia 5 yake, yaani 9, zitafaulu. Zilizofaulu zote ni 25, na 9 kati yake hazikingi chochote. Hiyo ni asilimia 36, wala si 4 au 5. Na ukiziangalia zile tu ambazo p yake iko karibu na 0.04, bila kuzichanganya na zile za 0.001, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chanjo yenye nguvu ya kweli kwa kawaida hutoa p ndogo kuliko hiyo. Badilisha zile 20 ziwe 100, na sura nzima inabadilika. Jibu linategemea ulichokijua kabla ya jaribio, na p haina habari na hilo.

Kwa RV144, kilichojulikana kabla hakikuwa cha kutia moyo. Chanjo ile iliunganisha bidhaa mbili, na ya pili, AIDSVAX B/E, ilikuwa imeshajaribiwa peke yake huko huko Thailand na kuonekana mwaka 2003 kwamba haikingi. Mwaka 2004 wanasayansi 22 waliandika katika jarida la Science wakihoji msingi wa kuendelea na jaribio hilo. Mtu aliyeyajua haya, akaona 0.04, alikuwa na haki ya kusisimka kidogo na kutaka kuona zaidi. Hakuwa na haki ya asilimia 96.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kuwa ndilo linalovunja kabisa ile sentensi ya tatu. Data za RV144 zilichambuliwa kwa njia tatu. Wakihesabiwa wote 16,402, maambukizi ni 56 kwa 76, kinga inakadiriwa kuwa asilimia 26, na p ni 0.08. Wakiondolewa watu 7 waliogundulika kwamba walikuwa na VVU tayari siku ya kuandikishwa, inakuwa 51 kwa 74, asilimia 31, na p ni 0.04. Wakibaki wale tu waliofuata ratiba yote ya sindano, ni 36 kwa 50, tena kama asilimia 26, na p ni 0.16. Kila njia ina hoja yake, na kuwaondoa wale 7 ni jambo la busara. Lakini kama p ingekuwa uwezekano wa chanjo kutofanya kazi, basi chanjo hiyo hiyo moja ingekuwa na uwezekano wa asilimia 8, na 4, na 16 kwa wakati mmoja. Kilichobadilika ni idadi ya watu tuliowahesabu. Nguvu ya chanjo ndani ya miili yao, iwe ipo au haipo, haikuguswa. Mwanafunzi alizisoma namba tatu mara mbili, na nadhani hapo ndipo aliliachia wazo lake kwa moyo mweupe.

Nimejiuliza kwa nini kosa hili ni tamu kiasi hiki. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kuhusu thamani ya p, na moja ya kanuni zake sita ni kwamba p haipimi uwezekano wa dhana inayochunguzwa kuwa kweli. Watu wanalisoma tamko, wanakubali, kisha wanarudi kule kule. Naamini sababu yake ni ya kibinadamu: muuguzi, mgonjwa, mtoaji fedha, wote wanauliza swali moja, je, chanjo inafanya kazi? Mwandishi anataka kuwajibu, na mbele yake ana namba moja tu yenye sura ya jibu. Kukiri kwamba namba hiyo inajibu swali lingine ni kumwacha msomaji akiwa na njaa, na si kila mtu ana ujasiri huo. Tangu nilipolielewa hili sisahihishi aya kama hizi kwa ukali. Namwambia mwandishi aandike kile data zinachoweza kubeba, halafu, katika sentensi tofauti, aseme yeye mwenyewe anahukumu vipi na kwa sababu gani. Hukumu inayosemwa waziwazi kuwa ni hukumu ina heshima. Ikivishwa vazi la namba, msomaji hajui tena ni nani amhoji.

Aliandika upya mara kadhaa. Katika toleo moja sentensi ya tatu ilirudi kwa mlango wa nyuma: "uwezekano kwamba matokeo haya yametokana na bahati ni asilimia 4". Ni kosa lile lile, na ndilo gumu zaidi kulinasa, kwa sababu kusema "matokeo yametokana na bahati" ni kusema chanjo haifanyi kazi. Njia yangu ya kulikagua ni rahisi: natafuta neno "kama" au "ikiwa". Sentensi inayoeleza p bila sharti hilo karibu kila mara imegeuza mambo.

Hatimaye ikawa hivi:

"Katika watu 16,395 ambao hawakuwa na VVU walipojiunga, maambukizi mapya yalikuwa 51 kwa waliopata chanjo na 74 kwa waliopata plasebo, upungufu wa asilimia 31; mipaka ya makadirio kwa kiwango cha asilimia 95 ni kutoka asilimia 1 hadi 52. Kama chanjo isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea takriban mara 4 katika majaribio 100 ya aina hii (p = 0.04). Uchambuzi wa washiriki wote na wa waliofuata ratiba kamili ulitoa makadirio ya asilimia 26, p ikiwa 0.08 na 0.16. Kwa kuwa sehemu moja ya chanjo hii ilishindwa ilipojaribiwa peke yake, tunayachukulia matokeo haya kuwa dalili inayohitaji jaribio lingine."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina neno "uhakika". Inampa msomaji ukubwa wa athari kabla ya p, na inamwonyesha kwamba kinga ya asilimia 1 haijakataliwa na data.

Jaribio lingine lilikuwepo, na lilikuwa kwenye ukurasa uliofuata wa sura yake. HVTN 702 lilianza Afrika Kusini mwaka 2016 likiwa na watu zaidi ya 5,400 na chanjo iliyotengenezwa upya kwa aina ya virusi inayotawala huko. Sindano zilisimamishwa mwanzoni mwa 2020: maambukizi yalikuwa 129 upande wa chanjo na 123 upande wa plasebo. Hili peke yake halithibitishi kwamba matokeo ya Thailand yalikuwa bahati tu, maana virusi vilikuwa tofauti, kiongeza kinga kilikuwa tofauti, na kasi ya maambukizi katika jamii ilikuwa kubwa zaidi. Nilimwomba aliseme hilo pia. Lakini aya yake kuhusu HVTN 702 ilikuwa inaanza kwa maneno "Cha kushangaza," na alipoisoma mara tu baada ya aya mpya, aliyakata mwenyewe kabla sijasema neno.