Vipande arobaini vilipokwisha kabla ya Pasaka

Mwaka huu wa liturujia, ulioanza Dominika ya 30 Novemba 2025, chama chetu hapa Lubumbashi kilikubali kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wa shule ya msingi kutengeneza kalenda ya Kanisa. Tulidhani tunakwenda kufundisha. Kumbe tulikwenda kuhesabu, na hesabu ilitushinda.

Kwanza tulikata katoni vipande 52, kimoja kwa kila Dominika, tukavipanga katika duara kubwa ukutani. Vinne vya Majilio vilipakwa zambarau, isipokuwa cha tatu kilichopakwa waridi, kwa kuwa Dominika hiyo Kanisa huanza kufurahia ujio ulio karibu. Karibu na kipande cha kwanza watoto waliweka alama ndogo nyekundu, tarehe 1 Desemba, siku ya Mwenye Heri Anuarite, shahidi wa nchi yetu. Hivyo walitambua wenyewe kwamba kungojea hakumaanishi kukaa bure, maana damu ya shahidi imo katikati ya zambarau.

Kwa ajili ya Kwaresima tulitaka ukanda wa pekee, wenye kipande kimoja kwa kila siku. Sote tulijua kwamba Kwaresima ni siku 40, basi tukakata vipande 40. Watoto walianza kuandika tarehe tangu Jumatano ya Majivu, 18 Februari. Punde binti mmoja wa mwaka wa tano akainua mkono: kipande chake cha mwisho kilikuwa kimeangukia tarehe 29 Machi, Dominika ya Matawi. Juma Kuu lote lilikuwa halina mahali. Akauliza kwa adabu, “Mama, Pasaka imesogea, ama ni sisi tumekosea?” Tulitazamana. Miaka mingi tumetamka neno arobaini, wala hatukuwahi kulihesabu.

Katekista wetu mzee ndiye aliyetuokoa. Alitutaka tuhesabu hadi Jumamosi Kuu, 4 Aprili, tukapata siku 46. Kisha akaagiza tuondoe Dominika zote. Zilikuwa sita, zikabaki 40 kamili. Akaeleza kwamba tangu kale Dominika haifungwi, kwa kuwa ni siku ya Ufufuko hata ikiwa ndani ya Kwaresima. Aliongeza kwamba kwa utaratibu wa liturujia wa leo Kwaresima yenyewe huisha Alhamisi Kuu, kabla ya Misa ya jioni. Ila hesabu ya siku za mfungo ndiyo hiyo ya kale.

Watoto wakataka kupaka Dominika hizo rangi nyeupe. Mzee aliwazuia: padri huvaa zambarau siku hizo, au waridi Dominika ya nne, na nyekundu Dominika ya Matawi, na Aleluya haiimbwi. Wakaziacha na zambarau yake, wakichora duara la njano katikati.

Ndipo tuliposoma waliyoyaandika katika vipande vya siku za juma, kila mmoja akitaja atakachojinyima. Kijana mmoja alikuwa ameandika mara nyingi, “Sitakula asubuhi.” Mwalimu wake alitunong’oneza kwamba mtoto huyo huja shuleni bila kula asubuhi karibu kila siku, akingojea bukari ya jioni. Tuliona haya, kwani kazi tuliyompa ilimfanya aite njaa ya nyumbani kwao sadaka yake. Sheria ya Kanisa haimdai mfungo mtu asiyetimiza miaka 18, wala haimkatazi nyama mtoto ambaye hajatimiza 14. Sisi tulikuwa tumedai kisichodaiwa. Tulimketisha kando, tukamwambia hivyo. Akafuta, akaandika: “Nitamchotea bibi maji.”

Mwishoni tulitengeneza ukanda wa Pasaka, tangu 5 Aprili hadi Pentekoste, 24 Mei. Safari hii tulihesabu kabla ya kukata: siku 50, na Dominika zote zimo. Tulipoutundika chini ya ule wa kwanza, binti yule alipima kwa kiganja, akaona kwamba mweupe umeupita wa zambarau kwa vipande vinne, ingawa ule wa zambarau ulikuwa umebeba na Dominika zake.

Ndugu, tangu siku hiyo kanda mbili hizo zimebaki ukutani. Katika mfungo Kanisa haliihesabu siku ya furaha. Katika furaha halirukii siku hata moja. Kwaresima ijayo, kabla hatujamwambia mtoto ajinyime nini, tuulize kwanza amekula nini.