Tulichanga elfu kumi na mbili za festivo, nikachoma nusu usiku mmoja

Wacha nianze na ile sehemu inaniaibisha. Tulikuwa wanne: mimi, kamera, sauti na dada aliyeshughulika na mavazi na chakula. Tumemaliza filamu fupi yetu, tumepiga huko Sagalla, story ya nyanya mmoja anayelinda shamba lake usiku ndovu wakishuka kutoka Tsavo. Kama umekulia Voi unajua hiyo si hadithi ya kubuni. Kuna mashamba Sagalla yamezungushiwa mizinga ya nyuki badala ya seng'enge kwa sababu ndovu anaogopa nyuki, na ndio tulichojenga filamu juu yake.

Kila mtu akatoa 3,000 za kupeleka filamu kwenye matamasha. Jumla 12,000. Nikapewa mimi nizishike kwa sababu mimi ndio dairekta na nina simu yenye bando.

Usiku huo huo nikafungua FilmFreeway, ile tovuti ambayo matamasha mengi hupokea filamu kupitia kwake. Nikaona matamasha matatu yenye majina makubwa ya miji ya ng'ambo, yana mashada ya majani ya dhahabu, yanasema majibu ni mwisho wa mwezi. Dola 25, dola 20, dola 15. Dola ilikuwa kama shilingi 130. Kufikia saa saba usiku nilikuwa nimetumia 7,800.

Mwisho wa mwezi, matatu yote yakasema tumechaguliwa. Moja likasema tumeshinda! Nikapiga nduru mpaka mamangu akatoka nje. Halafu mjomba wangu, mtu wa kuuza vipuri hapo stendi, akaniuliza swali moja tu: "Sasa ilionyeshwa wapi, na watu wangapi waliiona?"

Nikaenda kuangalia. Hakuna ukumbi. Hakuna ratiba. Kulikuwa na orodha ya washindi zaidi ya mia, kila mwezi, na kiungo cha kununua kikombe chako mwenyewe kwa dola nyingine. Yaani nilikuwa nimelipa 7,800 kupata picha ya majani ya kubandika kwenye posta.

Siku hizi kabla ya kulipa natafuta vitu vitatu. Ukumbi wenye jina na anwani. Ratiba ya mwaka jana inayoonyesha filamu gani ilichezwa siku gani na saa ngapi. Na picha za watu wameketi kwenye giza, si picha za vikombe. Tamasha la kweli lina hivyo vyote bila kutafuta sana. Likikosa ratiba ya mwaka jana, funga huo ukurasa.

Zilibaki 4,200. Hapo ndipo nilianza kufikiria kama mtu mzima.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ada ya kuingia haina bei moja. Tamasha lile lile lina dedlaini tatu au nne: "Earlybird", halafu "Regular", halafu "Late", na kila hatua bei inapanda. Filamu ni ile ile, anayeitazama ni yule yule. Unalipia kuchelewa kwako tu. Kwa hivyo kalenda ni pesa. Niliandika kwenye daftari tarehe za dedlaini za kwanza za kila tamasha nililolitaka, kabla hata ya kuangalia bei.

Cha pili, unaweza kuomba usamehewe ada. Wengi hawajui, na wengine wanaona haya. Mimi niliandika barua pepe saba, wiki sita kabla ya dedlaini, mistari minne tu: sisi ni nani, filamu ni ya dakika ngapi na inahusu nini, kwa nini inafaa tamasha lao hasa, na ombi lenyewe bila kulialia. Wanne hawakujibu. Wawili walinisamehe ada yote. Mmoja alinipa nusu bei. Huo mstari wa tatu, "kwa nini sisi inafaa kwenu," ndio ulifanya kazi, maana wale wawili walikuwa wameonyesha filamu za mazingira mwaka uliotangulia na nilizitaja.

Sasa tuje kwa premia, yaani onyesho la kwanza. Hapa nilikosea vibaya zaidi kuliko kwa pesa.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba matamasha makubwa yanataka filamu ambayo haijaonyeshwa popote. Basi nikakataza kila mtu. Nyanya aliyeigiza akaniuliza atajiona lini, nikamwambia, "Nyanya, subiri kidogo, tunailinda." Kijana wetu wa sauti akaniuliza tena na tena. Nikamjibu hivyo hivyo. Mwezi wa tano akapata kazi ya ulinzi Qatar, akapanda SGR hapo Voi kwenda kuabiri ndege. Alikuwa ametoa 3,000 zake na alikuwa hajaona filamu yake kwenye ukuta hata siku moja.

Na nilikuwa nalinda nini? Wacha nieleze vile mambo yalivyo.

Premia ya dunia ni mara ya kwanza kabisa filamu kuonyeshwa kwa umma. Premia ya kimataifa ni mara ya kwanza nje ya nchi ilikotengenezwa. Halafu kuna za bara, za nchi, hata za mji. Kwa filamu ndefu, haya ni mambo ya kufa na kupona. Kwa filamu fupi, matamasha mengi hayajali kabisa. Sundance haidai premia kwa filamu fupi. Clermont-Ferrand kule Ufaransa, tamasha kubwa linaloishi kwa filamu fupi, pia halidai. Wanaodai ni wachache na wanajulikana: mashindano ya filamu fupi ya Cannes hayataki filamu iliyokwisha kuonyeshwa kwenye tamasha lingine la kimataifa au mtandaoni, na hayachukui iliyozidi dakika 15. Berlinale nayo inataka iwe bado haijatoka nje ya nchi yake.

Soma hiyo ya Berlinale tena polepole. Filamu ya Kenya ikionyeshwa Sagalla, inapoteza premia ya dunia, lakini ya kimataifa bado iko mzima. Na kuwaonyesha waigizaji na familia zao, bila tikiti na bila tangazo, kwa kawaida hata haihesabiwi kuwa onyesho la umma. Ningeweza kumwonyesha yule kijana wa sauti kabla hajaondoka, na hakuna mlango ungefungwa.

Kitu kinachofunga milango kweli ni YouTube. Ukipandisha filamu yote wazi, umeionyesha dunia nzima kwa sekunde moja, na huwezi kuirudisha. Si kila tamasha linakukataza, lakini ukishaiweka huna chaguo tena. Weka trela tu. Filamu yenyewe iweke kwa kiungo chenye nywila, na usibadilishe hiyo nywila mpaka majibu yote yarudi. Mimi nilibadilisha mara moja, tamasha moja likashindwa kufungua, na ada haikurudi.

Lakini kulinda pia kuna gharama. Filamu inazeeka. Matamasha mengi yanataka iliyokamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili iliyopita. Ukikaa miezi kumi ukisubiri jibu la tamasha moja la ndoto, umekula nusu ya maisha ya filamu yako. Kwa hivyo sisi tuliweka tarehe: miezi kumi na miwili baada ya kumaliza, filamu inaenda mtandaoni, liwe liwalo.

Mwisho, tuongee ukweli kuhusu shabaha. Kwa toleo la 2025, Sundance ilipokea filamu fupi 11,153 na kuchagua 57. Piga hesabu: ni kama moja kwa kila 196. Na hao 57 si kwamba wote waliingia kutoka gizani. Tukitaja mfano wetu wa nyumbani, "Pumzi" ya Wanuri Kahiu ilionyeshwa Sundance 2010, na nyuma yake kulikuwa na ufadhili wa Africa First wa kampuni ya Focus Features. Ni filamu kali sana, lakini ilifika ikiwa na watu wanaojulikana wameishika mkono. Mimi nilikuwa na laptopu iliyokosa herufi "k".

Kwa hivyo nilifanya hivi. Ndoto moja tu, na iwe ile iliyonisamehe ada. Katikati nikaweka matamasha ya Afrika yanayopokea story kama yetu. ZIFF ya Zanzibar ndio mtu wa pwani anaanza nayo, maana watazamaji wake wanaelewa Kiswahili bila kusoma maandishi ya chini. Durban nayo ni kubwa zaidi na ngumu zaidi. Chini nikaweka madogo, ya mazingira na wanyamapori, yenye ukumbi wa kweli. Na kwa kila moja nilifungua ratiba ya mwaka jana nikauliza: kuna filamu hapa inayofanana na yetu kwa urefu na kwa bajeti? Kama hakuna hata moja, sikutuma.

Urefu wenyewe ulitufanya tukate. Toleo la kwanza lilikuwa dakika 19. Filamu fupi huonyeshwa kwa mafungu, tuseme dakika 90 kwa fungu moja. Ya dakika 19 inakula zaidi ya moja ya tano ya hilo fungu, na mchaguzi lazima aache filamu nyingine ili yako iingie. Tulishuka hadi 12. Iliuma, na filamu ikawa bora.

Hesabu ya mwisho: tamasha moja la dola 15, ambayo ni 1,950. Lile la nusu bei dola 10, yaani 1,300. Mawili ya bure. Jumla 3,250. Kati ya hayo manne, moja lilituchukua, tamasha dogo la mazingira lenye ukumbi na viti. Barua yao haikuwa na majani ya dhahabu. Ilikuwa na siku, saa na jina la fundi wa kuwatumia faili.

Zilibaki 950. Nilikaa chini na wenzangu, nikawaeleza zile 7,800 zilikoenda, risiti moja moja. Dada wa mavazi alinyamaza muda mrefu, akasema, "Basi hizo zilizobaki ziende Sagalla." Zilinunua petroli ya jenereta. Tukafunga shuka ukutani, nyanya akakaa mbele kabisa. Kijana wa sauti nilimpigia video kutoka kwa simu, mtandao ukikatika kila dakika mbili. Aliona kama nusu. Ile sehemu nyuki wanaanza kuvuma, akasema nigeuze simu aone nyuso za watu.

Bado ninadaiwa na hao watu 7,800. Nimeshalipa 2,000.